Sauti Tano, Raga Mbili

Mwenye kinanda, hata kile kidogo cha kwenye simu, anaweza kufanya jaribio hili sasa hivi. Aviache vibonye vyeupe, atazame vyeusi peke yake. Vimepangwa kwa mafungu ya viwili na vitatu, viwili na vitatu, mpaka mwisho. Aanze na kibonye cha kwanza cha fungu la vitatu, apande vyote vitatu, kisha aendelee na viwili vya fungu linalofuata. Hapo amepata sauti tano. Wanamuziki wa India wanaziita Sa, Re, Ga, Pa na Dha. Kibonye cheusi kinachofuata ni Sa tena, ile ya juu, na safari inaanza upya.

Sauti hizo tano ndizo mali yote ya raga iitwayo Bhupali, ambayo huko kaskazini mwa India huimbwa saa za mwanzo za usiku. Na hizo hizo ndizo mali yote ya raga Deshkar, ambayo huimbwa asubuhi. Hakuna sauti iliyomo katika moja ikakosekana katika nyingine. Hata hivyo, msikilizaji aliyezoea huzitofautisha kwa vifungu viwili au vitatu tu, na mwimbaji aliyetangaza Bhupali kisha akatelezea kwenye Deshkar amekosea waziwazi, na waliokaa safu ya mbele watajua.

Basi raga ni nini, ikiwa raga mbili zinaweza kuwa na sauti zile zile? Jibu linalotolewa mara nyingi, kwamba raga ni ngazi ya sauti ya Kihindi, linaanguka hapa hapa mlangoni. Ni jibu la zamani. William Jones, jaji Mwingereza aliyekaa Kalkuta, aliandika mwaka 1784 makala kuhusu muziki wa Wahindu, iliyochapishwa mwaka 1792, na humo akaziita raga kwa jina la modi, yaani zile ngazi za muziki wa kale wa Ulaya. Hakuwa mtu wa dharau. Alikuwa msomi wa Kisanskriti aliyeipenda elimu ya India. Lakini alichukua sanduku lililokuwa tayari nyumbani kwao, akaingiza ndani yake kile kilichoweza kuingia. Kilichobaki nje ndicho ninachotaka kukieleza, kwa sababu ndicho kinachomwezesha mtu kusikiliza.

Turudi kwenye vibonye vyeusi. Piga polepole: Sa, Re, Ga, ukae juu ya Ga. Kisha Pa, Ga. Kisha Dha, Pa, Ga. Halafu Re, Ga, Re, Sa, ushuke mpaka Dha ya chini, urudi Sa. Hiyo ni njia ya Bhupali. Utaona kwamba Ga ndiyo nguzo. Kila kifungu kinaielekea au kinatoka kwake. Re ina heshima yake, unaweza kutua juu yake. Dha ya katikati inaguswa na kuachwa. Uzito wote uko upande wa chini, karibu na Sa.

Sasa anzia juu. Sa ya juu, Dha, ukae juu ya Dha. Pa, utulie hapo. Ga, Pa, Dha, urudi Pa. Ukitaka kupanda kutoka chini, ruka Re: Sa, Ga, Pa, Dha. Ukishuka mpaka mwisho, Ga, Re, Sa, iguse Re kwa wepesi usiikalie. Hiyo ni Deshkar. Nguzo yake ni Dha, na makazi yake ni nusu ya juu. Sauti ni tano zile zile, lakini tabia zao hazifanani.

Kuna jambo moja ambalo kinanda hakitakupa. Katika Bhupali, mwimbaji akitoka Pa kwenda Ga haachi moja akashika nyingine. Sauti inateleza katikati yao, na mtelezo huo ni sehemu ya raga sawa na sauti zenyewe. Ukizidishwa, ukasimama njiani kidogo, msikilizaji ataanza kusikia raga jirani iitwayo Shuddh Kalyan. Dha ya Deshkar nayo waimbaji wengi huiweka juu kidogo kuliko ile ya Bhupali, tofauti ndogo isiyokuwa na kibonye chake. Ndiyo maana hamoniamu, ambayo sisi wa pwani tumeizoea katika taarabu, ilipigwa marufuku na Redio ya India Yote kuanzia mwaka 1940 hadi 1971. Sauti zake zimefungwa mahali pamoja na haiwezi kuteleza. Marufuku yale yalikuwa makali kupita kiasi kwa maoni yangu, kwa kuwa waimbaji wakubwa waliendelea kusindikizwa nayo ukumbini, lakini hofu yenyewe ilikuwa na msingi.

Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka kwa Vishnu Narayan Bhatkhande, mwanasheria aliyezaliwa mwaka 1860, ambaye aliacha uwakili akatembea India akikusanya nyimbo na kuzungumza na mabingwa. Alizigawa raga za kaskazini katika koo kumi. Bhupali akaiweka katika ukoo wa Kalyan, Deshkar katika ukoo wa Bilawal. Koo hizo mbili zinatofautiana kwa sauti moja tu, nayo ni Ma, ambayo katika Kalyan imepandishwa na katika Bilawal haikupandishwa. Lakini Ma haimo katika Bhupali, wala haimo katika Deshkar. Bhatkhande alizitenganisha raga mbili kwa kigezo cha sauti ambayo zote mbili hazina. Kwa anayehesabu sauti, huo ni upuuzi. Kwa anayesikiliza mwendo, mitelezo na mahali pa kutulia, ni uamuzi wa mtu aliyejua undugu wa raga hata pale ambapo orodha ya sauti imenyamaza.

Kwa hiyo, ukitaka kumweleza mtu raga fulani, usianze na orodha ya sauti. Mwambie inakaa wapi, inapanda kwa njia gani na kushuka kwa njia gani, na vifungu vyake vinavyoitambulisha ni vipi. Mwambie pia raga gani jirani inaweza kuingilia, maana mipaka ya raga hujulikana kwa majirani zake.

Jambo la pili ndilo gumu zaidi kulieleza, yaani namna mwanamuziki anavyoikunjua raga mbele ya watu bila kusoma popote. Watu wengi wa pwani wameusikia muziki wa India kwa njia ya filamu, na waimbaji wa taarabu kama Juma Bhalo wa Mombasa walizichukua tuni za filamu hizo wakazivisha maneno ya Kiswahili. Nyimbo za filamu nyingine zimejengwa juu ya raga kweli. Katika filamu ya Baiju Bawra ya mwaka 1952, Amir Khan na D. V. Paluskar, mabingwa wawili wa muziki wa jadi, waliimba shindano zima nyuma ya waigizaji. Lakini wimbo wa filamu ni wa dakika chache, na safari ambayo ukumbini ingechukua saa nzima inakunjwa humo mpaka haionekani.

Tuitazame safari hiyo katika Bhupali, kwa mtindo wa uimbaji uitwao khayali. Mwimbaji ameketi. Nyuma yake tanpura ya nyuzi nne inarudia Pa, Sa, Sa, na Sa ya chini, bila kubadilika tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna kodi za gitaa hapa, wala hakuna zinazokosekana. Kila sauti ya mwimbaji inapimwa kwa umbali wake kutoka Sa inayovuma muda wote, na umbali huo ndio unaoipa ladha. Mwimbaji anakaa muda mfupi na tanpura peke yake, akionyesha sura ya raga. Kisha tabla inaingia pamoja na bandishi, yaani wimbo wenyewe. Bandishi ni fupi, mistari michache tu, nayo ina sehemu mbili. Ya kwanza hukaa chini na katikati. Ya pili hupanda hadi Sa ya juu. Maneno ya mwanzo ya bandishi yatarudi tena na tena. Kila mzunguko wa tala ukikaribia kuisha, mwimbaji huyashika na kuyafikisha mahali pamoja.

Baina ya kurudi na kurudi, nafasi ni yake. Mizunguko ya mwanzo anaitumia karibu na Sa na Dha ya chini tu. Anashuka, anapanda, anaonyesha njia mbalimbali za kufika Sa. Msikilizaji mgeni hudhani hajaanza. Baadaye anaifungua Re, na kwa mzunguko mmoja au miwili Re inakuwa ndiyo kikomo cha dunia. Kisha Ga, nguzo yenyewe. Hapa atakaa sana, akiifikia kutoka Re, kisha kwa kuteleza kutoka Pa, kisha kwa kuigusa Dha na kurudi. Kila mara Ga ni ile ile, lakini imefikiwa kwa mlango mwingine. Ndipo anaifungua Pa. Sa ya juu ataikaribia na kuiacha, ataikaribia na kuiacha tena, mpaka ukumbi mzima unaitamani. Siku anayoifikia bila haraka, wasikilizaji hupaza sauti za sifa, na sehemu ya pili ya bandishi inaingia, kwa kuwa sasa ina haki ya kuimbwa. Baada ya hapo mwendo unachangamka. Huchezea maneno ya wimbo dhidi ya mapigo, huimba kwa kutaja majina ya sauti, kisha hutoa misururu ya sauti za haraka.

Kishori Amonkar, aliyefariki mwaka 2017, ameacha rekodi ya Bhupali inayopendwa sana. Anayetaka kusikia Ga ikisubiriwa na kufikiwa, aianze rekodi hiyo mwanzo kabisa na asiruke mbele.

Je, tuliite jambo hili nini? Mpenzi wa dansi atasema ni solo. Aliyesoma muziki wa Ulaya atasema ni dhamira na mabadiliko yake, yaani tuni moja inayopambwa kwa namna nyingi. Maneno yote mawili yanapotosha. Katika solo, mmoja anajitokeza mbele ya wenzake kwa muda kisha anarudi nyuma. Hapa hakuna wakati ambapo mwimbaji hayuko katika kazi hiyo. Na kinachokuzwa si tuni ya bandishi. Bandishi mbili tofauti za Bhupali zitafunguliwa kwa njia ile ile ya Dha ya chini, Re, Ga na kuendelea, kwa sababu kinachofunguliwa ni raga, na bandishi ni mahali pa kurudia.

Wengine husema kila kitu kinabuniwa papo hapo. Hilo nalo ni nusu ya ukweli. Mwanafunzi hukaa miaka mingi mbele ya mwalimu akirudia kifungu alichoimbiwa mpaka kimtoke sawasawa, na vifungu hivyo ndivyo anavyovileta jukwaani. Kinachoamuliwa papo hapo ni kipi kifuate kipi, mahali gani pakaliwe kwa muda gani, na lini mlango unaofuata ufunguliwe. Kwa msomaji wa Kiswahili, mfano ulio karibu zaidi ni malenga wanaojibizana kwa mashairi. Mizani na vina havibuniwi, maneno mengi ni ya urithi, na bado beti ni zao. Tofauti ni kwamba malenga anaongeza hoja juu ya hoja, ilhali mwimbaji wa raga hana hoja ila kukua kwa raga yenyewe.

Ndiyo maana makosa yake yanaweza kusikika na kutajwa. Aliyekimbilia Sa ya juu mapema amekula mtaji wake. Aliyepanda ngazi kwa vipimo sawa, kila sauti mzunguko mmoja, amefuata ratiba wala hakusikiliza raga inataka nini; Ga na Pa hazistahili muda sawa katika Bhupali. Aliyekaa mno juu ya Dha, au akawa anairuka Re kila anapopanda, ameanza kuwaletea watu asubuhi ya Deshkar usiku. Na aliyetoa misururu ya haraka ambayo ingeweza kuwa ya raga yoyote amepoteza njia, hata kama koo lake ni jepesi kiasi gani.

Bado tala, na hapa pia kuna sanduku la kigeni linalopaswa kuwekwa kando. Tala inayotumika zaidi kaskazini ni tintal, yenye mapigo 16 katika mafungu manne ya manne. Wasikilizaji huihesabu kwa mikono. Hupiga kofi pigo la 1, kofi pigo la 5, hufungua kiganja hewani pigo la 9, kisha kofi tena pigo la 13. Pigo la 1 linaitwa sam. La 9 linaitwa khali, na si pengo la bahati mbaya. Mpiga tabla ana silabi zake za msingi kwa tala hiyo: Dha Dhin Dhin Dha, mara mbili, kisha Dha Tin Tin Ta, kisha Ta Dhin Dhin Dha. Pale penye Tin Tin Ta, ngoma nene ya mkono wa kushoto inanyamaza na mlio unakuwa mwepesi. Hata ukipotea hesabu, wepesi huo unakuambia uko nusu ya pili ya mzunguko.

Anayeandika tala hii kama vipimo vinne vya mapigo manne, kama nota za kwaya, hajakosea hesabu. Amekosea mwelekeo. Katika nota za kwaya, pigo la kwanza ndipo mambo yanapoanzia. Katika tintal, vifungu vingi huanza katikati ya mzunguko na kuielekea sam. Sam ni mwisho wa mzunguko uliopita na mwanzo wa unaokuja kwa wakati mmoja. Muziki unatua juu yake.

Hili linaonekana vizuri katika tihai, ambayo ni kifungu kimoja kinachopigwa mara tatu ili pigo lake la mwisho kabisa liangukie sam. Chukua silabi za tabla zinazojulikana sana: tite, kata, gadi, gana, dha. Mpe kila moja pigo moja. Kifungu ni mapigo matano. Anza kwenye sam, pumzika pigo moja baada ya kifungu cha kwanza na cha pili. Kifungu cha kwanza kinachukua pigo la 1 hadi la 5, la 6 ni kimya. Cha pili ni la 7 hadi la 11, la 12 ni kimya. Cha tatu kinaanza la 13 na kuishia la 17. Lakini tintal haina pigo la 17; hilo ndilo sam mpya. Vifungu vitatu vya mapigo matano na vimya viwili ni 17, yaani mzunguko mzima pamoja na mahali pa kutua.

Sasa ihesabu kwa mkono huku ukizitamka silabi. Dha ya kwanza inaangukia pigo la 5, pamoja na kofi, na unajiona salama. Dha ya pili inaangukia la 11, ndani ya eneo la khali, mahali ambapo mkono hauna kofi la kukuunga. Hapo ndipo moyo unapokaza. Dha ya tatu inafika sam pamoja na kofi, na ukumbi unaachia pumzi. Mtu aliyefundishwa kuita jambo hili kupiga nje ya mdundo hakusikia kilichotokea, kwa kuwa hakuna kilichotoka nje. Mpigaji alijua mahali pa kutua kabla hajapiga silabi ya kwanza.

Na sio lazima aanze kwenye sam. Akitaka kuanzia khali, pigo la 9, amebaki na nafasi tisa mpaka atue, na kifungu cha mapigo matatu bila kimya chochote kitamfikisha. Hesabu hizo mabingwa hawazifanyi kwa vidole wakiwa jukwaani. Wamezirudia kwa mdomo, kwa silabi, tangu utotoni, na mwimbaji wa Bhupali huweza kuitunga tihai kwa sauti za raga yake badala ya silabi za tabla, mradi kifungu chake kipite njia ya Bhupali. Ga, Re, Sa mara tatu kutoka khali itatua barabara. Akitua nusu pigo mapema, tabla haimsubiri. Mpigaji anaendelea na Dha Dhin Dhin Dha yake kama kawaida, na mwimbaji anayashika maneno ya mwanzo ya bandishi, anaisubiri khali ije, anaielekea sam nyingine.